Ghala langu lilijaa mapema: linaingiza magunia mangapi hasa?

*Swali: Ghala langu la matofali nimelipima kwa nje: urefu mita 4, upana mita 3, ukuta una kimo cha mita 2.5 kutoka ardhini. Unene wa ukuta ni sentimita 15, na sakafu ya ndani imeinuliwa sentimita 30. Nahifadhi mahindi yaliyopukuchuliwa, nayamwaga tu ndani bila magunia. Nilisoma kwamba mita moja ya ujazo inachukua kilo 720, nikapata magunia 216 ya kilo 100. Yalipoingia 130 ghala likawa limejaa. Nimekosea wapi, na nipange kuingiza mangapi?*

Ndugu yangu, ile kilo 720 uliyosoma haina kosa kubwa. Kosa liko kwenye futi kamba. Ulipima jengo, na mahindi hayakai kwenye jengo, yanakaa kwenye nafasi iliyo ndani yake. Hata ndani si nafasi yote inayotumika. Nitafuata magunia yako 86 yaliyopotea mpaka tuyaone yalikokwenda. Baadaye kuna jambo la kuta zako ambalo hukuliuliza, lakini siwezi kukujibu nikaliacha.

Tuanze na eneo la sakafu. Ukuta wa sentimita 15 uko pande zote mbili, kwa hiyo kila kipimo cha nje kinapungua sentimita 30. Mita 4 inakuwa 3.70, mita 3 inakuwa 2.70. Ukizidisha unapata mita za mraba 9.99, tuseme 10, wakati hesabu yako ilitumia 12. Ukuta unaonekana mwembamba ukiusimamia, lakini umekula mita 2 za mraba, na kwa kimo chako cha mita 2.5 hizo ni mita 5 za ujazo. Magunia 36 yamekwishapatikana hapo, na hayakuwahi kuwa na mahali pa kukaa.

Pili ni sakafu. Kimo cha mita 2.5 ulikipima kutoka ardhini, lakini mahindi yanaanzia juu ya sakafu iliyoinuliwa sentimita 30. Ndani ukuta una mita 2.20 tu. Hapo yameondoka magunia mengine 22 hivi.

Tatu ni kimo kinachotumika, na hapa ndipo watu wengi hujidanganya kwa sababu hakionekani kwenye futi kamba. Ukuta wa mita 2.20 hauwezi kujazwa mpaka ukingoni. Lazima ubaki mwanya kati ya mahindi na paa ili mtu aingie kwa tumbo au kwa magoti kuyasawazisha, kisha awe anaingia kuyakagua. Mwanya huo una kazi nyingine pia. Paa la mabati hupoa usiku, na hewa yenye unyevu inayopanda kutoka kwenye mahindi hugeuka matone chini ya bati. Mahindi yakiwa karibu sana na bati yanalowa juu, yanashikana kama ganda, halafu ukungu unaanza. Mimi huacha angalau sentimita 35 chini ya ukingo wa ukuta. Kwa hiyo kimo chako kinachotumika ni mita 1.85, na magunia 25 mengine yamekwenda na mwanya huo.

Jumlisha: 36, na 22, na 25. Hayo ni magunia 83. Ukiyatoa kwenye 216 yanabaki 133, na wewe uliingiza 130. Hesabu iliyonyooka ni hii:

```
3.70 × 2.70 × 1.85 = 18.48 (mita za ujazo)
18.48 × 720 = 13,306 (kilo)
13,306 ÷ 100 = 133 (magunia)
```

Kabla ya kuifunga hesabu, angalia mlango. Kama unazuia mahindi kwa mbao za kuchomeka nyuma ya mlango, ubao wa juu kabisa unafika wapi? Ukifika mita 1.60 kutoka sakafuni, mahindi ya upande ule hayawezi kusimama mita 1.85, yatamwagikia nje. Ama uongeze ubao mmoja, ama ukubali kwamba upande wa mlango utakuwa na mteremko. Hilo hukunieleza, nami nimechukulia kwamba mbao zinatosha.

Tofauti ya magunia matatu iliyobaki inaweza kutoka kwenye mizani, kwenye pembe ambazo koleo halikufika, au kwenye uzito wa ujazo wa mahindi yako yenyewe. Hilo la mwisho linafaa kueleweka vizuri, kwa sababu 720 haitoki kwenye punje. Punje moja ya mahindi makavu ni nzito kuliko maji, ukiitia kwenye glasi inazama. Lakini ukimwaga punje nyingi pamoja, kati yake kunabaki hewa, na hewa hiyo ni karibu asilimia 40 ya nafasi yote. Ndiyo maana mita ya ujazo ya maji ina kilo 1,000 na ya mahindi ina 720 au karibu na hapo. Kinachobadilisha namba hii ni jinsi punje zinavyopangana. Mahindi mabichi punje zake zimevimba na haziteleziani vizuri, kwa hiyo yanaacha hewa nyingi zaidi na mita moja inabeba kilo chache. Makapi na vipande vya magunzi navyo vinachukua nafasi bila kuleta uzito. Mahindi makavu, safi, yenye punje ngumu zilizojaa yanaweza kupita 750. Yale mepesi yaliyokauka kabla ya kukomaa yanaweza kushuka chini ya 700.

Kwa hiyo usikope namba yangu wala ya mtu mwingine. Ipime. Unahitaji ndoo ya lita 20, mizani inayosoma angalau gramu 100, na kijiti kilichonyooka. Wengi huanza kwa kuamini maandishi ya ndoo, na hapo wanakosea, kwa sababu alama ya lita 20 mara nyingi iko chini ya ukingo, ilhali mahindi utayajaza mpaka ukingoni. Pima ndoo tupu, kisha ijaze maji mpaka yakaribie kumwagika, upime tena. Kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo ujazo halisi wa ndoo yako. Tuseme tupu ina kilo 0.9 na ikijaa maji ina 21.7. Basi ndoo hiyo ni ya lita 20.8, hata kama imeandikwa 20.

Ikaushe kabisa. Chota mahindi sehemu mbalimbali za rundo, si juu tu, uyamimine ndani ya ndoo kutoka kimo cha kiganja hivi juu ya ukingo. Usiitikise, usiigonge chini, usiyakandamize kwa mkono. Yakishafurika, pitisha kijiti juu ya ukingo ili kilima kianguke na mahindi yawe sawa na mdomo wa ndoo. Pima. Rudia mara tatu kwa mahindi mapya kila mara. Ukipata, kwa mfano, kilo 15.6, 15.7 na 15.8, wastani ni 15.7. Ondoa ndoo, unabaki na kilo 14.8. Gawa kwa lita 20.8, unapata kilo 0.712 kwa lita, yaani kilo 712 kwa mita ya ujazo.

Nasisitiza kijiti na kutotikisa kwa sababu ya mazoea ya debe. Debe la sokoni hujazwa likawekewa kilima juu, na mara nyingi hutikiswa ili liingie zaidi. Debe la lita 20 lililosawazishwa lina kilo 14 na kitu, lenye kilima kizuri linaweza kufika 17 au zaidi. Mtu akitumia debe la kilima kupima uzito wa ujazo anapata zaidi ya 800, anaipeleka kwenye hesabu ya ghala, na anashangaa magunia yanakosa pa kuingia. Ghalani kilima ni kimoja tu juu ya rundo zima, nacho tumekwisha kukisawazisha.

Kwa 712 ghala lako linaingiza kilo 13,158, magunia 131. Hiyo ni tofauti ya magunia mawili tu kutoka kwenye hesabu ya 720. Sasa linganisha na kimo: kwa sakafu yako, kila sentimita 10 ya kimo ni mita moja ya ujazo, na hiyo ni magunia 7. Ukikosea kimo kwa upana wa kiganja umekosea zaidi kuliko ukikosea uzito wa ujazo kwa kilo 30. Kwa hiyo futi kamba ndiyo inayostahili uangalifu wako mkubwa. Pima urefu na upana wa ndani sehemu tatu kila kimoja, uchukue wastani, maana ni nadra kuta za matofali kuwa sambamba kabisa. Nguzo ya katikati ya sentimita 20 kwa 20, kama ipo, usiisumbukie. Hata ikipanda mita 1.85 inaondoa nusu gunia.

Kusawazisha ni jambo ambalo si dogo. Hesabu yote hii inachukulia kwamba uso wa mahindi umelala tambarare. Mahindi makavu yakimwagwa hayatambai mpaka ukutani kama maji. Yanajilaza kwenye mteremko wa nyuzi 25 hivi, yaani kila mita moja unayokwenda mbali na kilele, uso unashuka karibu sentimita 47. Ukiyamwaga kando ya ukuta mmoja mrefu na kuyaacha, upande wa pili wa mita 2.70 utakuwa chini kwa mita 1.26. Ukiangalia kutoka mlangoni utaona yamefika kwenye alama, kumbe kwa nyuma kuna pengo la mita za ujazo 6 na zaidi, ambalo lingechukua magunia 44. Kwa hiyo mtu aingie na koleo kila baada ya magunia 30 au 40, ayasukume pembeni, na mwishoni apitishe reki. Ukiona ghala "limejaa" mapema kuliko hesabu, tazama pembe za mbali kwanza kabla ya kulaumu namba. Ukweli kwamba wewe ulifikisha 130 unaniambia mlisawazisha vizuri.

Na unyevu unaingia kwa njia nyingine, kwenye kuhesabu magunia yenyewe. Gunia la kilo 100 lililopimwa likiwa na unyevu wa asilimia 18 lina kilo 82 za mahindi na 18 za maji. Likikaushwa mpaka asilimia 13 linabaki na kilo 94 na kidogo. Kwa hiyo ukilinganisha magunia uliyopima shambani na yale utakayotoa ghalani, usije ukadhani kuna mwizi. Lakini zaidi ya hesabu, mahindi ya asilimia 18 hayafai kabisa kurundikwa kina cha karibu mita mbili. Yatapata joto katikati, na utalijua kwa kuingiza fimbo ya chuma ndani ya rundo, kuiacha dakika kumi na tano, kisha kuishika: ikitoka na joto kuliko mkono wako, yatoe uyaanike upya. Kwa kurundika wazi bila kupuliziwa hewa, mimi sivuki asilimia 13.

Sasa nije kwenye kuta. Mahindi yaliyomwagwa hayakai tu sakafuni, yanasukuma pembeni, na kadiri kina kinavyoongezeka ndivyo msukumo wa chini unavyokua. Kwa kina cha mita 1.85, sehemu ya chini ya ukuta wako inasukumwa kwa nguvu ya kama kilo 500 kwa kila mita ya mraba. Ukijumlisha toka chini mpaka juu, ukuta wako mrefu unabeba msukumo wa karibu tani 1.8 unaoutaka uanguke nje. Ukuta wa matofali wa sentimita 15, usio na nondo wala nguzo za zege, uliwekwa kubeba paa. Kubeba kitu kinachousukuma kwa ubavu ni kazi nyingine kabisa. Umesimama msimu mmoja, nashukuru kwa hilo, lakini haimaanishi utasimama wa pili. Niliwahi kuitwa kwenye ghala la namna hiyo ambalo ukuta wake mrefu ulitoka nje usiku, na wenyewe walikumbuka baadaye kwamba wiki kadhaa nyuma walikuwa wameona mwanga ukipenya kwenye pembe.

Kwa hiyo kabla ya msimu ujao, ghala likiwa tupu, funga uzi kutoka pembe hadi pembe upande wa nje, katikati ya kimo cha ukuta, uuvute ukaze. Ukuta ukiwa umetoka tumbo, uzi utagusa katikati na kuacha mwanya karibu na pembe. Tazama pia nyufa za kusimama kwenye pembe, na nyufa za ngazi zinazofuata maungio ya matofali. Ukiona kimojawapo, usimwage mahindi humo tena mpaka fundi aweke nguzo za zege zenye nondo na mkanda wa kuzifunga juu. Ghala kama hilo bado linaweza kuhifadhi mahindi yaliyo ndani ya magunia, yakipangwa juu ya vichanja na kuachiwa nafasi mbali na ukuta, kwa sababu gunia linajisimamia lenyewe. Ila litaingiza machache sana kuliko haya tunayohesabu.

Sakafu nayo iulize. Chini ya kina cha mita 1.85 kila mita ya mraba inabeba zaidi ya tani 1.3. Sakafu iliyoinuliwa kwa kifusi na zege haina shida. Ikiwa ni mbao juu ya mihimili, mwite fundi aangalie mihimili hiyo kwanza.

Tuseme uzi umenyooka na nyufa hamna. Hata hivyo, kwa ukuta usio na nondo mimi nisingerudi kwenye mita 1.85. Ningeshuka hadi mita 1.20. Unapunguza kina kwa theluthi moja tu, lakini msukumo haupungui kwa theluthi, unashuka kwa zaidi ya nusu. Kwenye ukuta wako mrefu unatoka tani 1.8 hadi kilo 760 hivi, na nguvu ya kuupindua ukuta inabaki kidogo zaidi ya robo, kwa sababu msukumo umepungua na pia unagusa ukuta chini zaidi. Hesabu ya magunia inakuwa:

```
3.70 × 2.70 × 1.20 × 712 ÷ 100 = 85
```

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako ni namba mbili. Nafasi ya ghala lako ni magunia 131 kwa mahindi ya 712. Namba ya kupangia msimu ujao, kuta zikiwa kama zilivyo, ni 85. Ukiimarisha kuta kwa nguzo na mkanda, na fundi anayejua uzito wa nafaka akaridhika, utaipata ile 131.

Kama una ghala jingine la umbo tofauti, njia haibadiliki ila eneo la sakafu. Kihenge cha mviringo, pima kipenyo cha ndani, kigawe kwa mbili, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha kwa 3.14. Mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, yamemenywa maganda, kata matarajio yako kwa nusu: mita ya ujazo ya mahindi hayo hutoa kilo 350 na kidogo baada ya kupukuchuliwa, kwa sababu magunzi na mianya kati yake vimechukua nafasi iliyobaki.

Na ili usirudie hesabu hii kila mwaka, chukua rangi na uchore mistari kwenye ukuta wa ndani. Kwa sakafu yako na kwa 712, magunia kumi yanajaza sentimita 14 za kimo. Anza sakafuni, chora mstari kila sentimita 14, uandike 10, 20, 30 mpaka 80. Mstari wa mita 1.20 uupake rangi nyekundu. Mahindi yakishasawazishwa, mtu yeyote akisimama mlangoni atasoma yaliyomo bila kuuliza. Na ukipima ndoo msimu ujao ukapata 740 badala ya 712, mistari haihamishwi: kila kumi ya ukutani unaisoma kama kumi na nukta nne.